Mtoto Anayepumua kwa Mdomo: Taya, Meno na Uso Wake

(Muziki wa kuanzia, kisha unafifia.)

MTANGAZAJI: Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukitusikiliza. Kama mtoto wako amelala karibu nawe, mtazame kidogo. Je, midomo yake imefunga au iko wazi? Leo tunaye studioni afisa wa afya ya kinywa ambaye kazi yake ya kila siku ni kutazama meno ya watoto. Atatueleza kwa nini swali hilo ni muhimu. Karibu, Daktari.

AFISA WA AFYA YA KINYWA: Ahsante sana, na salamu kwa akina mama, akina baba, akina nyanya na walezi wote mnaotusikiliza.

Nitaanza na mama mmoja aliyeniletea binti yake wa miaka minane. Alikuja kwa sababu ya meno. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yanaota yakipandana, kama watu wanaogombania kiti kwenye matatu. Mama alidhani nitang'oa mawili matatu, niwape nafasi yale mengine, mambo yaishe. Lakini kabla sijamwambia mtoto afungue kinywa, nilikuwa nimeshaona jambo. Alikaa kwenye benchi kwa muda wa robo saa akisubiri zamu yake, na muda huo wote kinywa chake kilikuwa wazi. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Chini ya macho palikuwa na weusi kama wa mtu ambaye hakulala.

Nilimwuliza mama, "Huyu mtoto hukoroma usiku?"

Akacheka. "Daktari, anakoroma kama mtu mzima. Tangu akiwa na miaka minne. Mama mkwe husema ni mtoto wa babu yake, babu pia alikuwa hivyo."

Basi hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapoanzia. Tatizo la binti yule lilionekana kwenye meno, lakini mzizi wake ulikuwa kwenye pua.

KAZI YA PUA, NA KAZI YA ULIMI

Sote tunajua kwamba pua ndiyo njia ya hewa. Hewa inayopita puani husafishwa vumbi, hupashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kufika mapafuni. Mdomo hauna uwezo wa kufanya hayo vizuri. Lakini kuna faida nyingine ya kupumua kwa pua ambayo wengi hawaijui. Mtu anapopumua kwa pua, kinywa chake hufunga, na kinywa kikifunga ulimi hupata mahali pake pa kupumzikia.

Mahali penyewe ni wapi? Hebu jaribu sasa hivi, msikilizaji. Tamka herufi "n", kisha nyamaza bila kuusogeza ulimi. Utaona ncha ya ulimi imegusa kaakaa, yaani dari ya kinywa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Hapo ndipo ulimi wa mtoto mwenye afya unapokaa sehemu kubwa ya mchana na usiku, ukiwa umelalia kaakaa.

Sasa fikiria mama anayefinyanga chungu. Mkono mmoja uko ndani ya chungu na mwingine uko nje. Mkono wa ndani unasukuma udongo utoke nje, na wa nje unauzuia. Chungu hupata umbo zuri kwa sababu mikono yote miwili inafanya kazi. Taya la juu la mtoto liko hivyo hivyo. Ulimi ndio mkono wa ndani, mashavu na midomo ndio mkono wa nje. Mifupa ya mtoto bado inakua, na msukumo mdogo unaokaa mahali pamoja saa nyingi kila siku una nguvu kuliko msukumo mkubwa wa dakika moja.

Pua ikiziba, mtoto hana budi kufungua kinywa ili apate hewa. Taya la chini linashuka, na ulimi unashuka nalo mpaka unalala chini, kati ya meno ya chini. Mkono wa ndani umetoka kwenye chungu! Mashavu yanaendelea kubana kutoka nje na hakuna kinachoyazuia. Miezi ikipita, na miaka, mstari wa meno ya juu ambao ungekuwa mpana na wa mviringo unabaki mwembamba, umechongoka mbele kama herufi "V". Kaakaa nalo linakuwa la kina kirefu, kama paa la nyumba lililoinuka sana.

Taya jembamba halina nafasi ya meno yote. Meno ya kudumu ni makubwa kuliko ya utotoni, kwa hiyo yanapoota yanapandana au yanasukumwa mbele. Zaidi ya hayo, taya la juu linakuwa jembamba kuliko la chini. Kwa kawaida meno ya juu huyafunika ya chini kwa nje, kama mfuniko wa sufuria unavyoifunika sufuria. Kwa mtoto huyu magego ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini, upande mmoja au pande zote mbili. Tunasema kwamba mng'ato umepishana.

Kuhusu uso, mtoto ambaye kinywa chake hukaa wazi miaka mingi, taya lake la chini linaweza kukua likielekea chini na nyuma badala ya kwenda mbele. Uso unaonekana mrefu, kidevu kimerudi nyuma, mdomo wa juu mfupi usiofikia wa chini. Wengine wakiuma meno ya nyuma, yale ya mbele hayagusani kabisa, na mtoto hawezi kukata mkate au muwa kwa meno ya mbele.

JE, NI KILA MTOTO?

Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri ili tusiwatie watu hofu bure. Umbo la uso hurithiwa kwa sehemu kubwa. Kuna watoto wenye nyuso ndefu ambao wanapumua kwa pua vizuri tu, na kuna wanaopumua kwa mdomo ambao meno yao yamepangika. Kuna pia watoto wenye mdomo mfupi wa juu ambao hukaa midomo wazi, kumbe hewa inapita puani bila taabu.

Lakini uhusiano huo umechunguzwa. Mwaka wa 1970 mtafiti wa Uswidi aitwaye Sten Linder-Aronson alichapisha uchunguzi wa watoto ambao pua zao zilizibwa na nyama za nyuma ya pua. Akawalinganisha na watoto wasio na tatizo hilo. Kwa wastani, wale wenye kuziba walikuwa na taya la juu jembamba zaidi na sehemu ya chini ya uso iliyo ndefu zaidi. Baadaye aliwafuatilia watoto waliotolewa nyama hizo. Waliorudi kupumua kwa pua, meno na taya zao zilisogea kuelekea hali ya kawaida katika miaka iliyofuata, ingawa si zote zilirudi kabisa. Funzo ni kwamba mtoto anapokua bado kuna nafasi ya kurekebisha, na nafasi hiyo hupungua kadiri umri unavyosonga.

NI NINI KINACHOZIBA PUA?

Mafua ya kawaida huziba pua kwa wiki moja au mbili, kisha yanaondoka. Hayo hayaharibu taya. Tunazungumzia kuziba kunakodumu miezi.

Sababu inayoonekana sana ni zile nyama za nyuma ya pua, ambazo madaktari huziita adenoidi. Ni tezi zilizo juu ya koo, nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo huwezi kupaona hata mtoto akifungua kinywa. Kila mtoto anazo. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka mitatu na saba hivi, kisha hunywea zenyewe mtoto anapoelekea kubalehe. Kwa watoto wengine huwa kubwa mno hata hewa inakosa njia. Tonsili, zile tezi mbili za pande za koo, zinaweza kuvimba pia na kuongeza tatizo.

Sababu ya pili ni mzio, au aleji kama wengi tunavyosema. Mtoto anapiga chafya mfululizo asubuhi, anajikuna pua kwa kiganja akiisukuma kwenda juu, kamasi ni jepesi kama maji, macho yanawasha. Vumbi la godoro kuukuu, manyoya, ukungu wa ukutani na moshi wa jiko la kuni au wa sigara huchochea hali hiyo.

Sababu ya tatu ni mazoea. Pua ilizibuka zamani, lakini mtoto amezoea kuacha kinywa wazi.

Kuna jambo jingine ambalo ni la haraka. Kama kamasi linatoka tundu moja tu la pua na linanuka, shuku kwamba mtoto ameingiza kitu puani: harage, punje ya mahindi, ushanga au kipande cha godoro. Usijaribu kukitoa kwa kibanio, kwa maana utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa unashuku ni betri ndogo ya duara, kama za saa, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu huunguza nyama ya pua kwa muda mfupi.

UTAJUAJE UKIWA NYUMBANI?

Huhitaji kifaa. Unahitaji macho yako na subira.

Kwanza, mtazame akiwa amelala usingizi mzito, saa moja au mbili baada ya kulala. Fanya hivyo siku tatu au nne ambazo hana mafua. Midomo imefunga au iko wazi? Anakoroma? Kuna wakati pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka au anavuta hewa kwa nguvu? Analala ameinua kidevu na kurudisha kichwa nyuma? Anatoka jasho jingi ingawa si joto? Kama una simu yenye kamera, rekodi dakika mbili. Daktari atashukuru kuona kwa macho yake.

Pili, mtazame mchana akiwa hajui kwamba unamwangalia, labda akichora au akitazama televisheni. Akijua, atafunga kinywa.

Tatu, kwa mtoto wa miaka mitano na kuendelea aliye macho na aliyeketi wima, mpe funda dogo la maji ashikilie mdomoni bila kumeza, huku akipumua kwa pua. Mtoto ambaye pua yake iko wazi anaweza kukaa hivyo dakika mbili bila shida. Anayehangaika na kulazimika kumeza au kutema kabla ya dakika moja huenda pua yake haipitishi hewa ya kutosha. Usifanye hivi kwa mtoto mdogo, wala kwa mtoto anayekohoa au anayecheka, asije akapaliwa.

Nne, mwambie aume meno ya nyuma pamoja, kisha uvute midomo yake taratibu pande zote mbili, mahali penye mwanga. Je, meno ya juu yako nje ya yale ya chini pande zote? Anapouma, je, kidevu kinahamia upande mmoja? Tazama pia ufizi wa mbele wa juu. Kwa wanaopumua kwa mdomo mara nyingi sehemu hiyo ni nyekundu na imevimba, kwa kuwa inakaushwa na hewa usiku kucha. Mate ndiyo ulinzi wa meno, na kinywa kikikauka hunuka asubuhi na meno huoza kwa urahisi zaidi.

TURUDI KWA BINTI YETU

Nilipotazama kinywa cha yule binti, niliona kaakaa lenye kina na magego ya juu ya kushoto yakiwa ndani ya yale ya chini. Alipouma, kidevu chake kilihamia kushoto. Nilichukua vipimo. Taya lake la juu lilikuwa jembamba kwa karibu milimita tano, ikilinganishwa na upana uliotakiwa ili lifunike la chini.

Mama aliniambia kwamba alipokuwa na miaka mitano aliwahi kumpeleka mahali, akaambiwa, "Hayo ni meno ya maziwa, yatang'oka." Ni kweli yatang'oka, lakini taya halibadilishwi na kung'oka kwa meno. Mng'ato uliopishana kwenye meno ya utotoni mara nyingi huhamia kwenye meno ya kudumu.

Sikuanza na meno. Nilimwandikia barua kwenda kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Huko alipigwa picha ya eksirei ya upande wa kichwa, na ikaonekana kwamba adenoidi zimejaza sehemu kubwa ya njia ya hewa. Aligunduliwa pia kuwa na mzio. Akapewa dawa ya kupuliza puani kila siku, na mama akaonyeshwa namna ya kuitumia: kichwa kiiname mbele kidogo, mdomo wa chupa uelekezwe upande wa sikio, usielekezwe kwenye ukuta wa katikati ya pua, maana dawa ikipiga hapo kila siku pua hutoka damu. Aliambiwa asitarajie nafuu kwa siku moja, kwani dawa hiyo hufanya kazi polepole kwa wiki kadhaa. Nyumbani, godoro lilianikwa juani na kufunikwa vizuri, na mtoto akahamishwa kutoka chumba kilichopakana na jiko la kuni.

Baada ya miezi mitatu chafya zilipungua, lakini kukoroma kulibaki na pumzi ilikuwa bado inakatika usiku. Ndipo daktari akashauri upasuaji wa kuzitoa adenoidi. Angalia mpangilio huo. Hawakukimbilia kisu. Watoto wengi hupata nafuu kwa dawa, na wengine husubiriwa huku wakifuatiliwa mpaka tezi zinywee.

Pua ilipokuwa wazi, binti alirudi kwa daktari wa kupanga meno. Aliwekewa kifaa cha kupanua taya. Hicho ni chuma kilichoshikizwa kwenye magego ya juu, chenye skrubu katikati ya kaakaa. Kaakaa la mtoto lina mshono katikati ambao haujakauka, na skrubu ikizungushwa mshono huo unafunguka taratibu na mfupa mpya unajijaza. Mama alipewa kifunguo kidogo chenye uzi, ili kikiponyoka kisimezwe. Kila jioni alizungusha mara moja. Zamu moja ni robo ya milimita. Kwa milimita tano, hiyo ni zamu ishirini, yaani siku ishirini.

Siku ya kumi mama alinipigia simu akiwa na wasiwasi. "Daktari, meno mawili ya mbele yameachana! Nimeharibu!" Nikamwambia, "Mama, hujaharibu kitu. Hiyo ndiyo dalili kwamba taya linafunguka." Pengo hilo hujifunga lenyewe kwa sehemu kubwa katika wiki na miezi inayofuata. Zamu zilipokwisha, kifaa kilifungwa kisizunguke na kikaachwa mdomoni miezi sita, mfupa mpya ukomae. Kikitolewa mapema, taya hurudi ndani. Na kama pua ingekuwa bado imeziba, ulimi ungebaki chini na kazi yote ingeweza kurudi nyuma. Ndiyo maana tulianza na pua.

Leo anauma sawasawa, kidevu kiko katikati, na meno ya mbele yamepata nafasi zaidi. Uso wake haukugeuka ukawa wa mtu mwingine, na huenda baadaye akahitaji vyuma vya kunyoosha meno. Iliwabidi pia wamkumbushe kwa miezi kadhaa, "Funga midomo, mama," kwa sababu mazoea hayaondolewi na upasuaji.

Ninachotaka ukumbuke ni mdogo wake. Mama alipoelewa dalili, alirudi na kumtazama mtoto wa miaka mitatu, akakuta naye analala kinywa wazi. Huyo alipelekwa mapema. Alikuwa na mzio tu. Alipata dawa, na meno yake hukaguliwa kila baada ya miezi sita. Mpaka sasa taya lake ni pana na hajahitaji kifaa chochote.

WAKATI WA KWENDA KUPIMWA

Nenda hospitali mara moja, bila kusubiri kesho, kama mtoto anageuka rangi ya buluu midomoni, kama kifua kinaingia ndani kwa nguvu anapopumua, au kama mtoto mchanga anashindwa kunyonya kwa sababu hawezi kupumua kwa pua.

Panga kwenda katika siku chache zijazo kama pumzi inakatika usingizini, au kama mtoto anakoroma usiku mwingi wa wiki na mchana anasinzia darasani, hatulii, au ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha.

Panga kumpima katika wiki zijazo kama amekuwa akipumua kwa mdomo zaidi ya mwezi mmoja bila mafua, kama masikio yanauma mara kwa mara au hasikii vizuri, au kama umeona mng'ato umepishana, kidevu kinahama, au meno ya mbele hayagusani. Hata kama huoni dalili, umri wa miaka saba ni wakati mzuri wa kumpeleka akaguliwe mpango wa meno, kwani magego ya kwanza ya kudumu na baadhi ya meno ya mbele yameshaota na mfupa bado ni rahisi kuongozwa.

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Eleza dalili za usiku, maana daktari anamwona mtoto akiwa macho tu. Omba barua ya kwenda kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo katika hospitali ya kaunti, na kwa daktari wa meno. Madaktari wa kupanga meno wako wachache na wengi wako katika miji mikubwa, kwa hiyo uliza mapema kuhusu foleni na gharama.

MAMBO TUSIYOFANYA

Usimzibe mtoto kinywa kwa utepe au plasta ili apumue kwa pua. Kama pua imeziba, unamnyima hewa.

Usitumie dawa za dukani za kuzibua pua kwa zaidi ya siku tano, na kwa mtoto mdogo usizitumie bila kuandikiwa. Zikitumiwa mfululizo, pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua hayana shida hiyo.

Na usikubali mtoto akatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Bado kuna mahali ambapo watoto wanaokohoa au wanaokoroma hupelekwa kwa mkataji. Kimio si ndicho kinachoziba pua. Kukikata hakuzibui chochote, na kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi na maambukizi hatari.

MTANGAZAJI: Ahsante, Daktari. Kuna nyanya mmoja aliyetuma swali kabla ya kipindi. Anauliza, "Mjukuu wangu ananyonya kidole, na pia analala mdomo wazi. Nianze na lipi?"

AFISA: Shikamoo, Nyanya, na ahsante kwa swali. Anza na pua. Mtoto mwingine hunyonya kidole ili kujituliza kwa sababu halali vizuri. Lakini kidole nacho husukuma meno ya juu mbele na kuushusha ulimi, kwa hiyo kama amefika miaka minne na bado ananyonya, msaidie aache kwa upole, bila kumchapa wala kumpaka pilipili. Akipimwa, taja yote mawili.

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, usiku wa leo kabla ya kuzima taa, pitia kitanda cha mtoto wako usimame dakika mbili. Sikiliza na utazame. Mpaka wiki ijayo, kwaheri.

(Muziki wa kumalizia.)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ulimi wa mtoto anayepumua kwa mdomo haukai mahali pake, na jambo hilo linafanya nini kwa taya la juu?

2. Kwa nini binti wa kisa hiki alitibiwa pua kabla ya taya?

3. Ni dalili zipi za usiku ambazo mama anapaswa kumweleza daktari?

4. Katika kijiji au mtaa wenu, watu humfanyia nini mtoto anayekoroma? Ni lipi lenye msaada, na ni lipi lenye hatari?